Sentimita 80 za Kariakoo

Boksi la hedifoni limeandikwa mita 10. Mwenyewe amezijaribu nyumbani: simu kaiacha sebuleni kwenye chaji, kaenda jikoni, kazunguka hadi uani, na muziki haukutikisika. Jumamosi asubuhi anashuka Kariakoo, simu iko mfuko wa nyuma wa suruali, na kabla hajaumaliza Mtaa wa Congo wimbo umeanza kukatakata. Unanyamaza, unarudi, unaruka maneno mawili, unanyamaza tena. Akifika kituo cha mwendokasi cha Gerezani keshazivua masikioni, na hukumu imeshatolewa: feki.

Huenda ni feki kweli, Kariakoo haikosi. Lakini hata hedifoni halisi za bei ya kutisha hukatika hapo hapo, na tena, kama itakavyoonekana, zipo za bei ndogo zinazovumilia kuliko hizo. Kinachoshangaza zaidi ni umbali. Kati ya mfuko wa suruali na sikio pana sentimita 80 hivi. Kifaa kilichovuka kuta mbili nyumbani kinawezaje kushindwa na urefu usiofika hata mita moja?

Jibu la haraka linalosikika vijiweni ni kwamba minara ya simu inaingilia. Mnara hauna hatia kubwa hapa. Mitandao ya simu kwa sehemu kubwa hutumia masafa mengine, kama 900, 1800 au 2100 megahezi. Spika za matangazo zinazopiga kelele mbele ya maduka nazo hazihusiki: zile ni mawimbi ya hewa, hayagusani na mawimbi ya redio. Zinachofanya ni kumlazimisha mtu aongeze sauti, jambo linaloumiza masikio yake lakini haliikati blutuuthi. Wahusika wenyewe ni wawili. Mmoja ni wa nje, na mwingine anatembea na mwenye simu kila aendako.

Wa nje ni msongamano katika ukanda mmoja mwembamba wa masafa. Blutuuthi hufanya kazi kati ya megahezi 2402 na 2480. Ukanda huo, kama ilivyo katika nchi nyingi, hauombewi leseni. Mwaka 1985 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani iliruhusu vifaa vya mawasiliano vya nguvu ndogo kuutumia bila kibali cha mmoja mmoja, na kwa kuwa haukuwa na mwenyewe, kila mtu akaingia: waifai, blutuuthi, kamera za ulinzi zisizo na waya, kipanya cha kompyuta kisicho na waya. Hata oveni ya maikrowevu, ambayo haitumi ujumbe wowote, hupasha chakula kwa megahezi 2450, katikati kabisa ya ukanda huo, na kinachovuja mlangoni mwake husikika kama kelele kwa majirani.

Waliobuni blutuuthi walilijua hilo mapema. Kazi ilianza mwaka 1994 katika kampuni ya Eriksoni, mjini Lund, Swideni, mikononi mwa mhandisi Jaap Haartsen, na njia waliyoichagua ni ya kukwepa badala ya kupigana. Ukanda uligawanywa katika chaneli 79, kila moja na upana wa megahezi 1. Simu na hedifoni hazikai kwenye chaneli moja. Zinaruka pamoja kutoka chaneli hadi chaneli, hadi mara 1600 kwa sekunde, kwa mpangilio ambao ni wawili hao tu wanaoufuata. Chaneli moja ikiwa na kelele, hasara ni ya punje moja ya muda. Mruko unaofuata uko kwingine. Kinachopotea hutumwa upya, na msikilizaji hajui kama kuna kilichopotea.

Waifai ya 2.4 gigahezi haina tabia hiyo. Ruta huchagua mahali na kukaa, na inapokaa huchukua nafasi ya takribani megahezi 20 kwa mpigo. Ndiyo maana mafundi wa mitandao huzipanga ruta kwenye chaneli za waifai namba 1, 6 na 11, ambazo hazigusani. Kwa hiyo toleo la blutuuthi la mwaka 2003, namba 1.2, liliongeza akili kidogo: vifaa vikachunguza ni chaneli zipi zina ruta, vikaziweka kando, na kuruka kwenye zilizobaki pekee. Nyumbani kwenye ruta moja mbinu hiyo ni tamu. Ruta inachukua 20, zinabaki karibu 60, na muziki unapita pembeni bila kumgusa mtu.

Hesabu ya Kariakoo ni nyingine. Maduka yamepandana ghorofa juu ya ghorofa, karibu kila moja na ruta yake, na ukifungua programu ya kupima waifai kwenye simu utaona majina yamejaa skrini nzima, yamerundikana kwenye 1, 6 na 11 zote tatu. Tatu mara ishirini ni sitini. Kati ya chaneli 79 zinabaki 19 hivi: kichochoro chembamba kati ya ruta na ruta, na kipande cha mwisho juu ya megahezi 2472. Kwa bahati, au kwa ubaya, kanuni ya blutuuthi inasema vifaa visipungue chini ya chaneli 20. Kwa maneno mengine, hedifoni imesukumwa hadi ukutani. Hakuna pa kurudi nyuma zaidi.

Na si hiyo peke yake iliyosukumwa. Hapa ndipo watu wengi huacha kuhesabu mapema. Kila hedifoni inayopita mtaani, kila spika ya blutuuthi inayopiga singeli mbele ya duka la nguo, kila saa ya mkononi, imefanya uchunguzi ule ule, imekimbia ruta zile zile, na imejikuta kwenye kichochoro kile kile. Mbinu iliyobuniwa ili vifaa vikwepane na waifai inavikutanisha vyenyewe kwa vyenyewe.

Tuseme jirani 10 wenye blutuuthi inayotuma muda wote wako karibu kiasi cha kusikika. Zikiwapo chaneli 79 zote, uwezekano wa mruko mmoja kugongana na jirani yeyote ni kama asilimia 12. Zikibaki 20, uwezekano huo hupanda hadi asilimia 40. Ni makadirio mepesi, kwa sababu vifaa vingi havitumi mfululizo, na kwa upande mwingine pakiti za muziki ni ndefu na hukaa kwenye chaneli kwa muda mrefu kuliko mruko mmoja wa kawaida. Lakini ukubwa wa jambo unaonekana: idadi ya watu ni ile ile, nafasi imepungua, na migongano imeongezeka zaidi ya mara tatu.

Hata hivyo asilimia 40 haitoshi kuunyamazisha muziki. Hilo linahitaji maelezo, maana bila hilo mtu ataondoka akidhani tumeshamkamata mwizi.

Muziki kwa blutuuthi haufiki kwa mtiririko kama maji ya bomba. Hufika kwa pakiti, na hedifoni huweka akiba kidogo kabla ya kuanza kuucheza, kwa kawaida sehemu ya tano ya sekunde hivi. Akiba hiyo ndiyo inayofanya midomo ya mwigizaji kwenye video itangulie sauti katika hedifoni za bei rahisi. Pakiti ikipotea simu huituma tena, na ilimradi ifike kabla akiba haijaisha, hakuna anayejua. Kodeki ya kawaida kabisa, SBC, ambayo kila hedifoni ya muziki ni lazima iielewe, huhitaji kilobiti 328 kwa sekunde katika ubora wake wa juu uliozoeleka. Njia yenyewe, kwa mwendo wa kati wa blutuuthi, inaweza kubeba hadi kilobiti 1448. Hiyo ni zaidi ya mara nne ya kinachotakiwa. Kwa hiyo hata pakiti mbili kati ya tatu zikigongwa, tangi halijakauka. Simu inarudia na kurudia, inafika kwa shida lakini inafika.

Ni hapo zile hedifoni za bei kubwa zinapojikwaa. Baadhi hutumia kodeki ya LDAC, ambayo ikiwekwa kwenye ubora wa juu kabisa hutuma kilobiti 990 kwa sekunde. Ili zipite na akiba ya maana ibaki, njia huhitaji mwendo wa kasi zaidi, wenye uwezo wa juu wa kilobiti 2178. Akiba ya mara nne imeshuka hadi mara mbili na kidogo, na mwendo huo wa kasi wenyewe haupendi kelele kabisa. Mtu kanunua ubora, kaingia nao sokoni, na ubora huo ndio unaomkatia muziki wakati mwenzake mwenye hedifoni za elfu ishirini anatikisa kichwa kwa raha. Si kejeli ya soko. Ni hesabu ya nafasi.

Sasa mhusika wa pili. Huyu hayumo kwenye orodha ya majina ya waifai, kwa sababu ni mwili wa msikilizaji mwenyewe.

Mwili wa mtu mzima ni maji kwa zaidi ya nusu, na mawimbi ya 2.4 gigahezi hunywewa na maji. Ndiyo sababu maikrowevu inapasha wali. Simu ikiwa mfuko wa nyuma wa kulia na antena ya hedifoni ikiwa sikio la kushoto, wimbi linapaswa kupita nyonga, tumbo, kifua na shingo, au kuuzunguka mwili. Vipimo vya namna hii hutoa hasara inayobadilika sana kwa mtu na mkao, na desibeli 20 ni kadirio la kawaida. Desibeli 20 maana yake nguvu imebaki moja ya mia. Na kwa kuwa katika uwazi nguvu hupungua kwa mraba wa umbali, kupoteza mara mia ni sawa na kuisogeza simu mbali mara kumi. Zile sentimita 80 zimegeuka mita 8 bila mtu kupiga hatua.

Mbona basi nyumbani haikukatika? Kwa sababu nyumba ina kuta na dari. Wimbi lisilopenya mwilini hupiga ukuta, hupiga dari, hurudi na kuingia sikioni kwa mlango wa nyuma. Barabarani juu ni anga tupu, na kinachokwenda juu hakirudi. Wapo watu waliogundua kwamba hedifoni zao hukatika katikati ya uwanja wa mpira usio na mtu, wakapigwa na butwaa, maana hapakuwa na wa kuwaingilia. Hapakuwa na wa kuwaingilia, ila hapakuwa na ukuta pia.

Ziweke hesabu mbili pamoja. Simu ya daraja la 2 la blutuuthi hutuma kwa miliwati 2.5. Ruta ya duka, tuseme, hutuma kwa miliwati 100, lakini zimetapakaa kwenye megahezi 20; kwa hiyo ndani ya chaneli moja ya blutuuthi, yenye megahezi 1, kinachosikika ni miliwati 5. Ruta hiyo imetundikwa juu ya mlango wa duka, mita 8 kutoka kwa msikilizaji, juu ya vichwa vya watu, na hakuna kinachoikinga. Na ili mwendo wa kati wa blutuuthi uelewe pakiti vizuri, kanuni inataka ishara iwe na nguvu mara 20 hivi ya kelele inayoiingilia kwenye chaneli hiyo.

Msikilizaji akiishika simu mkononi mbele ya kifua, sentimita 80 kutoka sikioni bila kizuizi, simu iko karibu mara kumi kuliko ruta. Karibu mara kumi ni nguvu mara mia, ukigawa kwa mbili kwa sababu ruta ina miliwati maradufu, unapata 50. Hamsini ni zaidi ya ishirini. Pakiti inapita hata ruta ikiwa inatuma wakati huo huo, kwenye chaneli hiyo hiyo.

Akiirudisha simu mfuko wa nyuma, upande wa pili wa mwili, ile 50 inagawanywa kwa 100. Inabaki 0.5. Ruta sasa ina sauti kubwa maradufu kuliko simu iliyo mwilini mwake. Pakiti yoyote itakayokutana na ruta kwenye chaneli hiyo imekwenda na maji.

Hizo ndizo sentimita 80 za Kariakoo. Umati peke yake ulikuwa umechukua asilimia 40, na akiba ikavumilia. Mwili peke yake, nyumbani, ulifidiwa na kuta. Wakikutana barabarani, kila pakiti iliyokuwa ikishinda kelele sasa inashindwa, si na ruta moja tu bali na kila jirani aliye hatua mbili tatu. Marudio yanarundikana, akiba ya sehemu ya tano ya sekunde inakauka, na wimbo unanyamaza. Ile namba ya mita 10 kwenye boksi haikuwa uongo. Ilipimwa mahali penye ukimya na pasipo na mwili katikati.

Umati una fadhila yake pia, nayo husahaulika. Miili ya wengine hunywa mawimbi kama wa kwako, hivyo hedifoni za watu walio mita 15 mbele kwenye foleni hazikufikii kwa nguvu yoyote ya maana. Wanaosumbua ni walio begani kwako, na vile vilivyotundikwa juu. Kwa sababu hiyo, katika mtaa mmoja sehemu inayokata zaidi si lazima iwe yenye watu wengi zaidi. Mara nyingi ni pale chini ya ukumbi wa maduka yenye ruta na kamera.

Kuna jambo jingine linalohusu kutembea. Ile akili ya kuchagua chaneli nzuri hujifunza kwa kupima, na kupima huchukua muda. Aliyekaa dukani kutwa, simu yake imeshaijua ramani ya pale na imetulia. Anayetembea Mtaa wa Msimbazi anaingia chini ya ruta mpya kila baada ya hatua chache, na ramani aliyojifunza mbele ya duka la vitenge imeshapitwa na wakati akifika kwenye duka la simu. Ukisimama, mara nyingi muziki hutengemaa baada ya sekunde chache. Wengi husimama ili kuitazama simu ina nini, muziki unarudi, wanaamini kuitazama ndiko kulikoiponya. Ukweli ni kwamba wamesimama, na wameitoa simu mfukoni.

Kupanda gari nako kuna mshangao wake. Ndani ya daladala watu wamebanana kuliko barabarani, na kwa mantiki ya umati muziki ungepaswa kufa kabisa. Mara nyingi hurudi. Bodi ya gari ni bati, na bati huakisi mawimbi kuliko ukuta wowote wa tofali. Ishara ya simu inazunguka humo ndani hadi ilipate sikio. Itaharibika tena kama abiria wawili watatu wamewasha hotspoti, au kama gari lenyewe lina waifai, kama zilivyo baadhi ya matatu za Nairobi.

Hotspoti inastahili maneno ya ziada, kwa sababu wakati mwingine anayemwingilia msikilizaji ni simu yake mwenyewe. Katika simu nyingi waifai na blutuuthi hukaa kwenye chipu moja na mara nyingi hutumia antena moja, kwa kupokezana. Muuza duka anayemrushia mwenzake intaneti kwa hotspoti ya 2.4 gigahezi huku akisikiliza muziki anaigawa antena hiyo vipande viwili: muda inapoitumikia intaneti, muziki unasubiri. Hata bila hotspoti, simu yenye waifai iliyowashwa huchungulia kila mara mitandao iliyopo, na sokoni ipo mingi. Ikiwa muziki hukatika kwa mdundo unaojirudia, hata ukiwa umesimama pasipo na watu, mshuku huyu kwanza. Zima waifai na hotspoti kwa dakika tano usikilize. Ikiwa hotspoti ni ya lazima, simu nyingi za sasa zina chaguo la kuihamishia kwenye 5 gigahezi, ambako blutuuthi haipo.

Namna ya kukatika inaweza kumwambia mtu chanzo, akisikiliza kwa makini. Sauti ikinyamaza kila anapogeuza shingo upande mmoja, au kila anapopiga hatua ya mguu wenye simu, ni mwili. Ikinyamaza mahali pale pale kila siku, kona ile ile, mkao wowote, ni jirani wa kudumu: ruta au kamera. Sikio moja likifa na jingine likiendelea, katika zile hedifoni mbili zisizounganishwa kwa waya, tatizo liko kwingine tena. Katika nyingi za bei nafuu na za miaka ya nyuma, simu huzungumza na kimoja tu, nacho humpasia mwenzake sauti; kati yao pana kichwa kizima, na kichwa nacho ni maji. Na ikiwa muziki uko sawa lakini simu ya maongezi inakwaruza na sauti ya mtu kuwa kama ya roboti, hilo ni la kawaida kwa mahali penye kelele za redio. Maongezi hayawezi kusubiri akiba ijae, kwa hiyo pakiti iliyopotea hupewa nafasi finyu ya kurudiwa, kisha husahauliwa. Kwenye muziki kelele huonekana kama ukimya. Kwenye maongezi huonekana kama mkwaruzo.

Dawa ya bei rahisi kuliko zote ni kuhamisha simu, na inafaa ihamishwe kwa akili. Hedifoni nyingi za kuvaa kichwani huwa na antena upande mmoja tu. Ili kuujua, nenda mahali pa wazi ambapo muziki umeanza kuyumba, funika upande mmoja kwa kiganja, kisha mwingine. Ule ambao ukiufunika sauti inazidi kukatika ndio wenye antena. Simu ikae upande huo, na iwe juu: mfuko wa shati, mfuko wa koti, mkoba wa kifuani. Makonda wengi huweka simu mfuko wa shati kwa sababu nyingine kabisa, ya kuiona na kuilinda, na wanapata fadhila hii bila kuitafuta. Kwa hesabu ile ya juu, kuhama kutoka mfuko wa nyuma hadi kifuani ni kutoka 0.5 kurudi kwenye 50, na hakuna hedifoni ya kununuliwa itakayokupa ongezeko la mara mia.

Zipo sababu za kuusitia ushauri huo, na ni za haki. Kariakoo au Gerezani, simu ya mfuko wa shati au ya mkononi ni mwaliko kwa wezi. Aliyeizika simu chini ya zipu ndani ya begi la mgongoni ameipima hatari yake vizuri kuliko mhandisi wa Lund. Kwake njia iliyobaki ni kupunguza mzigo wa njia. Kwenye simu za Androidi, mtu akigusa “Build number” mara saba katika mipangilio, hufunguka menyu ya “Developer options”, na ndani yake kuna “Bluetooth audio codec”. Hedifoni zikiwa zimeunganishwa, kubadili kutoka LDAC kwenda SBC, au kuiteremsha LDAC yenyewe hadi kiwango chake cha chini cha kilobiti 330, humrudishia ile akiba ya zaidi ya mara nne. Sokoni, pamoja na singeli na wapiga debe, hakuna sikio litakaloidai tofauti ya ubora. Jioni nyumbani anairudisha.

Vifaa vipya vina ahadi yao. Toleo la 5.2 la blutuuthi, lililotangazwa mwaka 2020, lilifungua njia ya mfumo mpya wa sauti wenye kodeki iitwayo LC3, inayotoa sauti nzuri kwa kilobiti chache zaidi kuliko SBC. Kilobiti chache ni pakiti chache, na pakiti chache ni nafasi zaidi ya kurudia. Lakini mfumo huo unaishi kwenye ukanda ule ule wa 2.4 gigahezi, unapita kwenye mwili ule ule, na ili ufanye kazi simu na hedifoni zote mbili ziwe zinauelewa. Anayenunua hedifoni zenye maandishi hayo kwa simu ya miaka sita iliyopita atarudi kwenye kodeki za zamani bila kuambiwa.

Katika mitaa hiyo hiyo, mita chache kutoka kwenye duka lenye ruta iliyomkatia muziki, hedifoni za waya zimening’inizwa mafungu mafungu. Umati hauzihusu kitu. Shida ni kwamba simu nyingi mpya hazina tena tundu la waya, kwa hiyo muuzaji atauliza kwanza simu ni aina gani, kisha atainama chini ya meza kutafuta kipande cha waya kifupi cha kuunganishia, chenye tundu la duara upande mmoja na kichwa cha kuchomeka kwenye tundu la chaji upande wa pili. Na mteja atasimama pale akiwaza atachajije simu huku akisikiliza.